Kejeli au masihara? Nimeandikiwa hivi kwenye kundi la kazini, jibu bado sijalituma

Karani wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Kazini kwetu mimi ndiye ninayepanga zamu. Leo mchana nimeweka ratiba ya mwezi ujao kwenye kundi letu, kila mtu na rangi yake, na chini nikaandika kwamba anayeona tatizo aniambie kabla ya Ijumaa. Baadaye mwenzetu mmoja akaandika hivi:

"Kazi safi sana. Tulikuwa tunasubiri mtu wa kutupangia maisha."

Basi, kaishia hapo. Hakuna emoji wala hahaha. Watu watatu wakamwekea alama ya kicheko. Tangu hapo kundi limenyamaza na mimi nimeisoma sentensi hiyo hadi imepoteza ladha.

Jibu nimeshaliandika: "Kama una tatizo na ratiba sema waziwazi, mafumbo ya nini?" Lipo pale kwenye simu, sijalituma. Huyu mtu hatuna ugomvi, lakini pia si wa kutaniana naye sana. Siulizi nimjibu kwa ukali au kwa upole. Nauliza mtu anapimaje kama hii ni kejeli au mzaha, kabla hajajibu?

---

Moto wa Kifuu

Hicho ni kijembe, tena cha mchana kweupe. "Mtu wa kutupangia maisha" maana yake umejipa cheo. Tuma hilo jibu lako kama lilivyo. Watu wa hivi ukiwanyamazia leo, kesho wanakupanda kichwani.

---

Chepe

Mleta mada, ungeomba radhi tu yaishe. Kumwambia mtu anapangia wenzake maisha si utani mzuri, hata kama ulikuwa na nia njema.

---

Karani wa Zamu

Chepe, soma tena mkuu. Mimi ndiye niliyeambiwa.

---

Chepe

Aaah, sawa. Basi yeye ndiye aombe radhi.

---

Nukta Mkato

Mimi naangalia alama. Hakuna emoji, halafu sentensi zote mbili zimefungwa kwa nukta. Mtu anayetania kwenye simu hafungi kwa nukta. Kuna utafiti ulitoka Marekani mwaka 2016, ukaonyesha kwamba jibu lililofungwa kwa nukta kwenye ujumbe wa simu lilionekana halina ukweli wa moyoni kuliko lile lisilo na nukta. Kwa hiyo mimi nasema huyo amekasirika.

---

Sikio la Tatu

Nukta Mkato, utafiti huo upo, ila haukwenda mbali hivyo. Ulihusu majibu ya neno moja, mtu anaalikwa mahali anajibu "Sawa" na nukta. Na majibu yaleyale yalipoandikwa kwa mkono kwenye karatasi, nukta haikuleta tofauti. Hapa tuna sentensi mbili kamili. Kuna watu wanaandika nukta hata wanapoagiza chai. Alama inakuambia kitu pale tu unapoilinganisha na mazoea ya mwandishi mwenyewe. Kama huyu siku zote anaandika bila nukta na leo ameziweka, hapo kuna la kuangalia. Kama siku zote anaziweka, huna ushahidi wowote.

Mleta mada, kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupokea malalamiko yaliyoandikwa na kukaa katikati ya watu waliokosana, na sehemu kubwa ya ugomvi huo ulianza na sentensi kama hii. Kabla sijasema lolote nijibu mambo matatu. Mtu huyu kwa kawaida anaandikaje kwenye kundi akiwa anatania? Je, ratiba hiyo imemgusa vipi yeye binafsi? Na kabla ya leo, ameshawahi kukurushia maneno ya namna hii?

---

Karani wa Zamu

Nimerudi nyuma kwenye kundi nikasoma. Akitania huwa anaandika "hahaha" mwanzoni kabisa, karibu kila mara. Nukta anaweka wakati wote. Maneno ya namna hii kwangu sikumbuki. Halafu nimefungua ratiba yenyewe. Yeye nimempa Jumamosi mbili zinazofuatana, za usiku. Haikuwa makusudi, mwenzake yuko likizo.

---

Moto wa Kifuu

Si nilisema?

---

Sikio la Tatu

Umesema ni kijembe, lakini umesema kabla hujajua habari ya Jumamosi. Sasa twende taratibu.

Ugumu wa kejeli ya maandishi ni kwamba anayeandika anasikia sauti yake kichwani. Anajua pale alipovuta neno, pale alipotabasamu. Anayesoma hapati hata kimoja, na yeye anaweka sauti yake mwenyewe, mara nyingi ile anayoihofia. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio juu ya jambo hili. Watu walipewa sentensi, nyingine za kejeli na nyingine za dhati, wakazipeleka kwa wenzao. Waandishi wa barua pepe walitarajia msomaji angepatia kama mara 78 katika kila 100. Wasomaji walipatia 56, na ukikisia tu unapata 50. Waliosikia sentensi kwa sauti walipatia 73. Zaidi ya hapo, hata wasomaji waliokosea walijiona wameelewa vizuri.

Hilo la mwisho ndilo linalokuhusu. Hisia kwamba "hiki ni kijembe, nakiona wazi" haithibitishi chochote, maana aliyekosea naye anaihisi vilevile.

Kwa hiyo usitafute uhakika ambao sentensi haina. Andika maana zote zinazowezekana, halafu uone ushahidi unaelemea wapi. Hapa naona tatu. Ya kwanza, anakutania wewe pamoja na kundi zima, ratiba ina rangi nyingi na imekamilika mno. Ya pili, analalamikia ratiba, na analalamika kwa njia ya mzaha kwa sababu kulalamika mbele ya watu ni kazi. Ya tatu, anakusema wewe, kwamba unajikweza. Moto wa Kifuu ameiona ya tatu peke yake.

---

Bi Kiduchu

Na hivi vicheko vitatu? Kama ni mzaha watu wamecheka, kesi imeisha.

---

Sikio la Tatu

Vicheko vinakuambia waliocheka walisikia nini. Havikuambii aliyeandika alikusudia nini. Watu hucheka mzaha, na hucheka kijembe kinapompata mwingine. Wengine huweka kicheko ili kundi lisonge mbele.

---

Nukta Mkato

Lakini hiyo "hahaha" aliyoikosa safari hii je? Umesema mwenyewe tulinganishe na mazoea yake.

---

Sikio la Tatu

Hiyo ni hoja nzuri, na ndiyo inayonifanya niiondoe ile maana ya kwanza kwenye nafasi ya juu. Mtu mwenye mazoea ya kuweka alama ya mzaha, siku asipoiweka, ama amesahau ama hakutaka kuiweka. Ukiongeza Jumamosi mbili za usiku, mimi naelemea ya pili. Ila angalia pia amejiweka ndani ya sentensi. Kasema tulikuwa tunasubiri, hakusema "umeamua kutupangia". Na ametia chumvi kiasi kwamba hakuna anayeweza kuichukua kama ilivyo, ratiba ya mwezi mmoja haipangi maisha ya mtu. Mtu anayetaka kuumiza kwa kawaida hutafuta jambo lililo karibu na ukweli, ili liume. Hiyo inaisukuma ya tatu chini kidogo. Kidogo tu.

---

Fundi wa Herufi

Haya matatizo yalitabiriwa zamani. Mwaka 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza watu waweke :-) kwenye ujumbe wa mzaha, kwa sababu mizaha ya watu chuoni pale ilikuwa inachukuliwa kwa dhati. Kila mtu angeweka alama, nyuzi kama hizi zisingekuwepo.

---

Mama Wawili

Fundi, alama zipo tele siku hizi na bado tunagombana. Wifi yangu kila anaponichoma anaweka uso unaotabasamu mwishoni. Ukimuuliza, "mbona nimeweka emoji?"

Mleta mada, ngoja nikupe yangu. Tuna kundi la ukoo. Nilituma picha za sherehe, wifi akaandika, "Wenye muda wao wanajua kufurahi." Mimi nikajiona mstaarabu, nikamuuliza palepale, "Samahani wifi, unatania au uko siriasi?" Akajibu, "Natania jamani, mbona mkali?" Kundi zima likanigeukia mimi. Mpaka leo sijui alikuwa anatania au la, na siwezi kuuliza tena kwa sababu jibu nimeshapewa.

---

Sikio la Tatu

Mama Wawili, asante sana, umenifupishia safari. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea wakidhani wamefanya la busara. Swali la "unatania?" lina majibu mawili tu, na moja kati ya hayo linamgharimu aliyeulizwa. Akisema hatanii, amekiri mbele ya watu kwamba alikuwa anakusema. Nani atakiri hivyo? Kwa hiyo mwenye kutania atasema natania, na mwenye kuchoma naye atasema natania. Umeuliza swali ambalo jibu lake halitenganishi watu hao wawili, na juu yake umeonekana wewe ndiye usiyejua mzaha.

Mleta mada, usiulize nia yake. Uliza jambo lenyewe. Nyuma ya sentensi yake kuna kitu kinachoweza kuguswa, nacho ni ratiba. Kama ana shida na ratiba atasema, kwa sababu kusema "hiyo Jumamosi inanibana" hakumwaibishi mtu. Kama hana shida atasema hana, na utakuwa hujamtuhumu kwa lolote.

---

Karani wa Zamu

Nimekuelewa. Kwa hiyo niandike nini hasa? Na niandike kwenye kundi au pembeni?

---

Sikio la Tatu

Andika rasimu kwanza, mahali ambapo haiwezi kutumwa kwa bahati mbaya, si kwenye kisanduku cha kundi kama ulivyofanya na hiyo ya kwanza. Halafu ipitishe kwenye zile maana tatu. Jiulize: kama alikuwa anatania, jibu hili litanifanya nionekaneje? Kama alikuwa analalamika, linamfungulia mlango? Kama alikuwa ananichoma, limeniacha nimesimama?

Tulipime lile lako la kwanza. "Kama una tatizo na ratiba sema waziwazi, mafumbo ya nini?" Kama alitania, umemvamia mtu aliyekusifu kwa mzaha. Kama alilalamika, umemtaka aseme waziwazi huku umemkaripia, hatasema. Kama alikuchoma, amepata alichotaka. Limefeli mara tatu. Na ajabu ni kwamba nusu yake ya mwanzo ndiyo swali sahihi kabisa. Kilichoiharibu ni "mafumbo ya nini".

---

Karani wa Zamu

Hili je, nimwandikie pembeni:

"Habari za jioni. Naona nimekuwekea Jumamosi mbili za usiku mfululizo, nimeliona sasa hivi. Zinakubana? Ratiba bado haijathibitishwa, naweza kusogeza moja. Samahani kama nimekukwaza, na kama ulikuwa unatania pia sawa."

---

Bi Kiduchu

Safi, ila kata sentensi ya mwisho. "Kama ulikuwa unatania pia sawa" ni lile swali la wifi limevaa kanga nyingine.

---

Sikio la Tatu

Bi Kiduchu kanimalizia kazi. Na "samahani kama nimekukwaza" iondoe pia, inamsukuma aseme kwamba hakukwazika. Acha iishie kwenye "naweza kusogeza moja". Kabla hujatuma isome kwa sauti, kisha isome tena kwa sauti ya mtu mwenye kinyongo. Ikiwa hata kwa sauti ya kinyongo inasikika kama swali la kawaida la kazi, imekaa sawa. Na wewe maandishi yako hayana sauti, usisahau.

---

Moto wa Kifuu

Mnamfundisha mtu kunyenyekea. Kachomwa mbele ya kundi, anajibu pembeni kwa upole. Wale waliocheka watabaki wanajua nini?

---

Sikio la Tatu

Moto, hoja yako safari hii ina uzito na sitaidharau. Kumfuata pembeni kuna gharama: watazamaji hawaoni mlivyomaliza. Kama maneno yale yangekuwa tuhuma, mfano kasema umependelea mtu, ningemshauri ajibu palepale, kwa kifupi, kwa ukweli tu wa jambo. Tuhuma isiyojibiwa mbele ya watu inaachwa iote mizizi. Hapa hakuna tuhuma, kwa hiyo mimi naona pembeni ni bora. Ila mtu mwingine mwenye kazi kama yangu anaweza kuamua tofauti.

---

Mama Wawili

Mimi niko na Moto nusu. Aseme kitu kwenye kundi, hata kidogo tu, ili ionekane hajanuna. Ukimya nao una sauti.

---

Karani wa Zamu

Wakuu, mrejesho. Nimemtumia pembeni bila zile sentensi mlizokata. Amejibu baada ya muda mfupi:

"Hahaha, nilikuwa nakutania bwana, ile ratiba imenoga kwa rangi. Ila kweli Jumamosi ya pili ni ngumu kwangu, nilishaahidi mtu. Ya kwanza nitafanya."

Nimesogeza ya pili, kuna mwenzetu alikuwa anatafuta zamu ya kubadilishana. Kwenye kundi nimeandika tu: "Asanteni. Kuna badiliko moja la Jumamosi, toleo jipya hili hapa. Wengine bado mna mpaka Ijumaa." Huyohuyo kaweka dole gumba.

---

Chepe

Kwa hiyo alikuwa anatania. Uzi ufungwe.

---

Nukta Mkato

Alikuwa anatania wapi? Ana Jumamosi hawezi, kasema mwenyewe. Hiyo "hahaha" ya safari hii ni ya kujisitiri.

---

Bi Kiduchu

Kwani haviwezi kwenda pamoja? Mimi mwenyewe nikiona aibu kulalamika natania kwanza, nione upepo unavyokwenda. Mkicheka tu na kupita, nayameza. Mkiuliza, nayasema.

---

Sikio la Tatu

Bi Kiduchu ameeleza mizaha mingi ya kazini ilivyo. Nukta na Chepe mnabishana juu ya kitu ambacho huenda hata mwenyewe hakukitenganisha alipokuwa anaandika. Mleta mada amepata alichohitaji kukijua, ambacho ni Jumamosi. La nia limebaki wazi, na anaweza kufanya kazi na mtu huyo likiwa wazi hivyohivyo.

Nina tahadhari moja. Njia hii inafaa kwa sentensi moja, kutoka kwa mtu ambaye hana historia nawe. Kama ni mtu anayefanya hivi kila wiki, kila mara kwa mzaha unaoweza kukanushwa, kuuliza jambo lenyewe kila mara kutakuchosha, kwa sababu jambo lenyewe ni wewe. Hapo huchambui sentensi tena, unaangalia mfululizo. Weka kumbukumbu ya maneno yenyewe kama yalivyoandikwa, si ulivyojisikia, kisha zungumza naye ana kwa ana juu ya mfululizo huo: "Nimeona mara kadhaa nikitoa kazi unaandika hivi na hivi. Sipendi, naomba iishe." Hapo nia yake haijadiliwi kabisa. Hata akisema anatania, ombi lako linabaki palepale.

---

Mama Wawili

Haya ndiyo ningeyajua kabla ya kumwuliza wifi. Nitaanza kuhifadhi picha za skrini.

---

Sikio la Tatu

Hifadhi kwa ajili ya kumbukumbu yako, dada, usiziweke kwenye kundi la ukoo. Ukiziweka pale umefungua kesi, na ukoo mzima ndio mahakimu.

---

Mgeni Njiani

Naomba kudandia. Na kama aliyeandika ni bosi? Wangu juzi nimemtumia ripoti akanijibu, "Leo umewahi, dunia inaisha." Nilichelewa wiki iliyopita. Nimuulize jambo lenyewe lipi hapo?

---

Bi Kiduchu

Hapo cheka, ndugu yangu, uendelee na kazi.

---

Sikio la Tatu

Kwa bosi mizani inabadilika, kwa sababu wewe huna uhuru wa kumtania na yeye anao. Lakini jambo lenyewe lipo: kuchelewa kwa wiki iliyopita. Kama bado linakusumbua, na hukuwahi kulizungumza naye, sentensi yake imekupa nafasi. "Nimejitahidi safari hii. Ile ya wiki iliyopita ilichelewa kwa sababu takwimu zilifika Alhamisi, nimeshaomba ziletwe Jumanne." Kama alitania, umempa taarifa njema. Kama alikuwa anakukumbusha, umemjibu. Kama mlishazungumza na likaisha, fuata ushauri wa Bi Kiduchu.

---

Mgeni Njiani

Hatukuwahi kuzungumza. Niliituma tu ikiwa imechelewa nikanyamaza.

---

Sikio la Tatu

Basi umeshajua pa kuanzia. Ila "nimeshaomba ziletwe Jumanne" usiiandike kama bado hujaomba.